Paa linavuja ghorofa ya juu, kwa nini wa chini alipe?

Swali: Msomaji wa Kitale ana fleti ya chini na ameitishwa mchango maalumu wa paa. Nyumba yake ni kavu. Alipe kwa nini?

Jibu: Kwa sababu paa si la wa juu peke yao. Sheria ya Kenya ya mwaka 2020 kuhusu umiliki wa fleti inalihesabu kuwa mali ya pamoja. Maji nayo hushuka: huanzia kwenye misumari iliyoshika kutu, hulowesha mbao za kenchi, kisha hufuata kuta na nyaya za umeme. Msimu mrefu wa mvua wa Kitale na Bungoma hauzipi mbao nafasi ya kukauka. Mbao ikibonyea kwa bisibisi, lami ya kuziba matundu haitoshi tena.

Ada ya kila mwezi hulipa bawabu na usafi. Haibebi paa zima.

Tuseme kazi ni shilingi 480,000 na akiba ni 180,000. Zinazobaki 300,000 hugawanywa kwa kiwango cha kila fleti kilichosajiliwa. Fleti mbili zenye 20 kwa 100 zitalipa 60,000 kila moja. Mbili zenye 30, 90,000.

Kabla ya kulipa, adai kuona makadirio ya mafundi na kumbukumbu za mkutano ulioupitisha mchango huo.