Dondoo muhimu: Futa 7 kabla ya kujua inakaa wapi

Sudoku ya gazeti ikikukwamia, usibahatishe. Tuseme katika boksi la juu kushoto, 7 inaweza kukaa visanduku viwili tu, vyote mstari wa 2. Hujui ni kipi, lakini kimojawapo lazima kiipate. Basi ifute kwingine kote katika mstari huo. Utauliza, faida gani ikiwa hujajaza kitu? Kufuta huko huweza kuacha kisanduku cha mbali na tarakimu moja pekee. Kinyume chake ni kweli pia: nafasi zote za 7 za mstari wa 5 zikiwa ndani ya boksi la katikati, ifute katika visanduku vingine vya boksi hilo. Kwanza hakiki alama zako za penseli. Nafasi moja iliyosahaulika huvunja hoja yote.