Dondoo muhimu: Unapompa mtu data za tasnifu yako azisafishe

- Faili la awali lisiguswe. Mpe msaidizi nakala, tena iliyoondolewa majina na namba za simu za wahojiwa. Lile la kwanza libaki kama lilivyo.

- Mpe na maelezo ya misimbo. Madodoso mengi huweka 99 pale mhojiwa asipojibu. Asipojua hilo, 99 itahesabiwa kuwa umri: wahojiwa 9 wa miaka 20 wakichanganywa na 99 moja, wastani unaruka hadi miaka 27.9. Ili kugundua kosa hilo, panga safu ya umri kuanzia mkubwa, kisha tazama juu.

- Kosa lisahihishwe kwa ushahidi. Umri ukisomeka 230, asikisie kuwa ni 23. Atafute dodoso lenyewe. Lisipopatikana, nafasi hiyo iachwe wazi.

- Dai orodha ya mabadiliko. Kila badiliko lionyeshe namba ya dodoso, kilichokuwapo, kilichowekwa na sababu. Msimamizi akiuliza, utakuwa na la kumwonyesha.

- Usivuke mpaka. Kurekebisha makosa ya uingizaji ni msaada halali, mradi kanuni za chuo zinaruhusu na msaidizi ametajwa kwenye shukrani. Lakini kufuta wahojiwa kwa kuwa majibu yao yanapinga nadharia tete yako, kubuni majibu ya kuziba mapengo, au kumwachia akuandikie sura ya matokeo ni udanganyifu, na jina litakaloulizwa ni lako.