Dondoo muhimu: Kabla hujabandika sifa za mteja chini ya picha

Mteja wa sabuni yako ya mwarobaini amekuandikia WhatsApp: "Nimeipenda, chunusi zimepungua kidogo." Kabla hujaiweka Instagram:

1. Omba ruhusa kwa maandishi, ukimwonyesha chapisho lote: "Dada, naomba kuweka ujumbe huu kwenye ukurasa wa duka. Niandike jina lako au nilifiche?" Akijibu kwa dole gumba tu, muulize tena kuhusu jina.
2. Nakili alivyosema. "Zimepungua kidogo" isigeuke "zimekwisha kwa siku 7". Wengi huteleza hapa, na "kidogo" ndilo neno la kwanza kukatwa.
3. Kata kabisa namba ya simu na picha yake. Ukizipaka rangi nyepesi, bado zitasomeka.
4. Ulimpa sabuni bure au kwa punguzo? Sema papo hapo.
5. Usiandike "inatibu", hata kama ni maneno yake. Ukishayabandika, dai ni lako.
6. Hifadhi jibu lake. Akibadili mawazo, futa chapisho: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inamruhusu kuondoa ridhaa.