Mashine Mbili za Kusaga

Mwanafunzi mmoja wa zamani wa shule yetu, ambaye sasa husaga mahindi karibu na Masindi, alinijia wakati wa likizo na karatasi mbili za bei. "Mwalimu," akasema, "mashine nyekundu ni shilingi 4,000,000, na ya kijani ni 7,500,000. Zote mbili husaga magunia sawasawa kwa siku. Ninunue ipi?"

Nikamwuliza kila moja hudumu muda gani. Nyekundu hudumu miaka 3, na mafuta na vipuri vyake hula shilingi 900,000 kwa mwaka. Ya kijani hudumu miaka 6, nayo hula 700,000. Kwa kuwa kazi ni moja na mapato ni yale yale, tuliyaacha mapato tukapima gharama peke yake.

Yeye alikwisha kujumlisha gharama zote za kila mashine, akaona nyekundu ni rahisi. Lakini jumla ile si ya haki, maana moja ni ya miaka 3 na nyingine ni ya miaka 6. Nyekundu ikichakaa atanunua nyingine kama hiyo, kwa sababu watu hawataacha kula posho. Basi yafaa tuulize: kila mashine, ikibadilishwa kila inapochakaa, inamgharimu kiasi gani kwa mwaka mmoja?

Msomaji atasema, tugawanye bei kwa miaka. Hivyo nyekundu ni 1,333,000 na kijani ni 1,250,000 kwa mwaka, kabla ya mafuta. Kosa lake ni kwamba bei hulipwa leo, na fedha ya leo ina riba. Tuseme riba ni 10 kwa mia. Shilingi 1 ya mwisho wa mwaka wa kwanza ni sawa na 1 ÷ 1.10, yaani 0.9091 leo. Ya mwaka wa pili, ukigawanya tena kwa 1.10, ni 0.8264, na ya tatu ni 0.7513. Ukizijumlisha hupata karibu 2.487. Maana yake, mwenye shilingi 2.487 leo aweza kulipa shilingi moja kila mwaka kwa miaka 3, na mwisho asibaki na kitu. Ukiendelea hivyo mpaka mwaka wa 6, jumla ni 4.355.

Sasa gawanya bei kwa hesabu hizo, si kwa 3 na 6. Nyekundu: 4,000,000 ÷ 2.487 ni karibu 1,608,000; ongeza 900,000, jumla 2,508,000 kwa mwaka. Kijani: 7,500,000 ÷ 4.355 ni karibu 1,722,000. Ongeza 700,000, jumla 2,422,000. Ya kijani yashinda kwa 86,000 kila mwaka. Tazama kwamba kwa ile njia ya kugawanya kwa miaka, tofauti ingeonekana kuwa 283,000, nao ni udanganyifu mkubwa.

Rafiki yangu alifurahi, akataka kuondoka. Nikamwuliza fedha ataipata wapi. Kumbe angekopa, kwa riba ya 20 kwa mia! Tukaketi tena. Kwa riba hiyo hesabu za kugawia ni 2.106 na 3.326. Nyekundu ikawa 2,799,000 kwa mwaka, na kijani 2,955,000. Jibu limegeuka. Sababu ni kwamba mwenye kununua ya kijani analipa leo kwa ajili ya kusaga kwa mwaka wa 4, wa 5 na wa 6, na riba ikiwa nzito, kulipa mapema namna hiyo ni ghali. Kwa hiyo mtu akikuonyesha hesabu ya namna hii bila kutaja riba, mrudishie karatasi yake.

Tena hesabu hii yote husimama juu ya neno moja, kwamba mashine itabadilishwa na nyingine ya bei ile ile. Bei ya mashine ikipanda, nyekundu itaumia kwanza, kwa kuwa yeye hurudi dukani mapema. Na kama kazi itakwisha baada ya miaka 3, njia hii haifai kabisa. Hapo huna budi kuuliza ya kijani itauzwa kwa kiasi gani ikiwa nusu imetumika. Hata kwa riba ya 10, ingebidi iuzwe kwa karibu 4,000,000 mwisho wa mwaka wa tatu ndipo ilingane na nyekundu.

Aliposikia hayo alinyamaza kidogo. Kibanda chake kiko kwenye kiwanja cha kupanga, na mapatano na mwenye kiwanja ni ya miaka 3. Akakunja karatasi zake, akaenda kwanza kumwona mwenye kiwanja.