Oili ya pawatila ikigeuka chai ya maziwa, usiwashe

Barua za wakulima wa mpunga zimeanza kuja kama ilivyo kawaida kila mvua zikikaribia. Safari hii nyingi, kutoka Usangu hadi Ifakara, zina swali moja: pawatila ilikaa bandani tangu mavuno, leo nimechomoa kijiti cha kupimia oili, oili ina rangi ya chai ya maziwa, nifanyeje? Na karibu wote wanaouliza wameshafanya jambo lilelile kabla ya kuandika. Wamemwaga oili, wameweka mpya, wakaenda kulima. Baada ya siku mbili tatu chai imerudi.

Hilo la kumwaga na kuweka mpya ndilo nataka tulimalize leo. Mafundi wengi wa vijijini wanalishauri, na wauza oili hawana sababu ya kulipinga. Oili haigeuki ya maziwa kwa kuzeeka. Oili ya dizeli ikizeeka inakuwa nyeusi. Ikiwa ya maziwa, kuna maji ndani yake, yamepigwapigwa na krenki mpaka yakawa matone madogo yasiyoonekana. Ukiweka oili mpya bila kujua maji yalipita wapi, umeyanunulia maji oili nyingine ya kuharibu. Kinachoumia kwanza ni beringi za konrodi, maana oili yenye maji haiwezi kubeba uzito unaogonga pale. Injini inaweza kulima hivyo kwa siku kadhaa bila kelele yoyote. Kelele ikianza, krenki imeshakwaruzika, na bei ya krenki mnaijua.

Nitazungumzia injini ya Kichina ya silinda moja iliyolala, yenye tangi la maji juu na kile kiboya chenye kichwa chekundu, maana ndiyo iliyo kwenye pawatila nyingi. Ndani yake kuna silivu ambayo maji yanaigusa moja kwa moja kwa nje. Upande wa krenki, maji yanazuiwa na oringi mbili za mpira. Upande wa pili yanazuiwa na gasketi ya hedi. Basi njia za maji ya tangi kuingia kwenye oili si nyingi: oringi, gasketi, ufa kwenye hedi au bloku, au silivu iliyotoboka kwa kutu. Njia nyingine ni maji ya kutoka nje kabisa.

Tuanze na hayo ya nje, kwa sababu ndiyo rahisi na ndiyo yanayowaponza watu kufungua injini bure. Angalia mfuniko wa kujazia oili. Nimeona injini zimezibwa kwa gunzi la hindi pale, nyingine kwa kitambaa, halafu zikaachwa nje mvua nzima. Nyingine zinaoshwa kwa mashine ya presha mpaka maji yanapenya kwenye tundu la kupumulia. Ukikuta utando mwembamba mweupe chini ya mfuniko tu, huku oili ya kwenye kijiti ni safi na kimo chake hakijapanda, huo mara nyingi ni mvuke. Unatokea kwa injini inayowashwa dakika kumi ikazimwa bila kupata moto. Futa utando huo, fanya kazi nzito saa moja, kisha angalia tena. Usiporudi, huna ugonjwa.

Lakini kama kijiti chote ni chai, na oili imepanda juu ya alama ya mwisho wakati hukuongeza kitu, usiwashe. Wala usizungushe hendeli kwa nguvu. Maji yanaweza kuwa yamekaa juu ya pistoni, na maji hayagandamiziki. Zungusha polepole kwa mkono. Ikigoma katikati, toa nozeli kwanza, kisha zungusha ili maji yatokee kwenye tundu lake. Anayelazimisha anapinda konrodi.

Kipimo cha kwanza ni chupa. Iache injini ikae usiku mzima mahali pa usawa. Asubuhi legeza nati ya kumwagia oili kidogo tu, usiitoe, na ukinge kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yaliyojitenga yatatoka kwanza. Yakitoka maji matupu kabla ya oili, hakuna cha kubishana tena. Yasipotoka, usishangilie. Yaliyokwisha kuchanganyika vizuri hayajitengi kirahisi. Hapo tumia bati: lipashe moto mpaka tone la maji likiliangukia lichemke mara moja, liondoe kwenye moto, kisha dondoshea tone moja la oili. Oili yenye maji hupasuka kwa mlio na vipovu. Isiyo na maji hutoa moshi kidogo na kutulia. Kaa mbali na dizeli na kinga macho. Kipimo hiki kinakwambia maji yapo, hakikwambii yametoka wapi.

Kujua yametoka wapi ndiyo kazi yenyewe, na hapa watu wanajidanganya kwa kutazama kiboya. Wanasema tangi linapungua, basi linavujia ndani. Injini hii hupoa kwa kuchemsha maji, kwa hiyo ikifanya kazi tangi lazima lipungue, hata ikiwa nzima. Upungufu wenye maana ni ule wa injini baridi iliyozimwa.

Msomaji mmoja wa Ubaruku aliandika kwamba amebadilisha oili mara mbili na gasketi ya hedi mara moja, na chai bado inarudi. Fundi anamwambia sasa anunue hedi mpya. Nilimwomba asinunue kitu mpaka afanye hivi, na nawe ufanye vivyo hivyo. Mwaga oili yote. Fungua mfuniko mkubwa wa nyuma, ule unaofunguliwa kufikia nati za konrodi. Futa kwa kitambaa kikavu mpaka ndani pakauke, hasa ukingo ambapo silivu inaingia kwenye bloku. Tandika karatasi kavu chini yake. Jaza tangi maji, weka alama ya kimo, funika, ulale. Asubuhi ingia na tochi kabla ya kugusa chochote.

Soma tone limetokea wapi. Likining'inia kwenye ukingo wa nje wa silivu, pale inapokutana na bloku, ni oringi. Likitiririka kutoka ndani ya tundu la silivu, nyuma ya pistoni, maji yamepita upande wa hedi au silivu imetoboka. Likishuka upande wa fito za valvu, tazama gasketi kati ya tundu la maji na tundu la fito. Kwa msomaji wetu karatasi ililowa chini ya ukingo wa silivu, na alama ya tangi ilishuka kama upana wa kidole. Hedi ilikuwa haina kosa lolote. Fundi angemuuzia hedi, na chai ingerudi vilevile.

Karatasi ikibaki kavu, usitangaze kwamba injini ni nzima. Kuna nyufa zinazofunguka chuma kikipata moto tu. Hapo tafuta fundi mwenye kompresa. Pistoni ipelekwe mwisho wa juu valvu zote zikiwa zimefungwa, gurudumu lifungwe lisizunguke, kisha upepo uingizwe kwenye tundu la nozeli kwa presha ya wastani. Mapovu yakitokea kwenye tangi, gesi inapita kwenye gasketi au kwenye ufa. Hedi ikitolewa, iwekewe rula ya chuma na kupimwa kama imepinda. Kubadilisha gasketi juu ya hedi iliyopinda ni kutupa gasketi.

Tukirudi kwenye oringi: zinakufa kwa sababu mbili ninazoziona kila mwaka. Ya kwanza ni tope. Maji ya mfereji yanamiminwa tangini yakiwa na udongo, udongo unatua chini kuzunguka silivu, na pale joto linapanda bila mtu kujua. Ya pili ni kusahau kiboya mpaka tangi likauke, kisha kumwaga maji baridi kwenye injini ya moto. Mpira unakauka, na hedi nayo inaweza kupasuka. Chuja maji, osha tangi kila mwanzo wa msimu, na likikauka iache injini ipoe kwanza.

Wakati wa kufunga, kwangua kutu kwenye mifereji ya oringi mpaka chuma kionekane. Paka oringi maji ya sabuni, si grisi, maana grisi huvimbisha baadhi ya mipira. Silivu ikishaingia, ukingo wake wa juu lazima usimame juu kidogo ya uso wa bloku, kiasi cha unene wa karatasi. Ukizama, gasketi haitabana. Nati za hedi zikazwe kwa mkingamo, kwa hatua, si moja kwa nguvu zote halafu nyingine. Na hizo oringi zinazokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, mzirudishe kwa aliyewauzia.

Kabla ya kufunga mfuniko wa nyuma, fungua kofia ya konrodi na utazame beringi. Zikiwa na mikwaruzo au zimebadilika rangi, badilisha sasa. Osha chujio la oili kwa dizeli. Weka oili ya bei ya kawaida, washa bila mzigo dakika kumi hivi, mwaga ikiwa ya moto, utazame. Ikiwa bado na weupe, rudia. Ikitoka safi ndipo uweke oili ya kulimia.

Neno kwa wanaonunua pawatila kuukuu kwa madalali msimu huu. Kijiti chenye oili ya njano inayong'aa asubuhi ya kuuziwa si ushahidi wa kitu, imebadilishwa jana. Fungua mfuniko wa kujazia utazame chini yake, maana dalali hasahau kijiti ila husahau pale. Omba mashine ifanye kazi yenye mzigo saa nzima, kisha izimwe ilale, na kijiti ukichomoe mwenyewe kesho yake. Akikwambia kuna mteja mwingine anasubiri, mwachie huyo mteja.

Wenye matrekta makubwa mmeniuliza kuhusu oili inayoelea kwenye rejeta. Hiyo inahusu zaidi kipoza oili na ina vipimo vyake. Nafasi imeisha, tutaichukua toleo lijalo. Kwa sasa trekta lenye dalili hiyo nalo lisiwashwe.