Urani Hupasukaje? Kizingiti cha Mpasuko Ndani ya Kiini

Wananchi wanaoishi karibu na maeneo yenye urani, kama Namtumbo mkoani Ruvuma, wana haki ya kuuliza: je, madini haya yanaweza kupasuka yakiwa ardhini, bila mtu kuyagusa? Jibu ni ndiyo, viini vyake hupasuka kila siku, lakini kwa uchache mno. Ili kuelewa sababu, tuangalie kiini chenyewe.

Kiini kama tone

Mwaka 1939 Lise Meitner na Otto Frisch, kisha Niels Bohr na John Wheeler, walikieleza kiini kizito kama tone la maji. Ngozi ya tone huvuta kila kitu ndani ili umbo libaki duara. Protoni nazo, kwa kuwa zote zina chaji chanya, husukumana na kutaka kulitawanya. Katika kiini cha urani-238, nishati ya ngozi ni kama MeV 680, na nishati ya kusukumana ni kama MeV 970. (MeV ni kipimo cha nishati kinachotumika kwa viini.)

Kwa hesabu hizo mtu angedhani urani ingekuwa imeshatawanyika zamani. Haikutawanyika kwa sababu tone likirefuka kidogo, sehemu ya nishati ya ngozi inayoongezeka ni maradufu ya sehemu ya nishati ya kusukumana inayopungua. Kwa hiyo tunagawanya 970 kwa mara mbili ya 680, tunapata 0.71. Namba hii ndiyo kigezo cha upasukaji. Ikifika 1, hakuna kinachozuia tena na kiini hakiwezi kudumu. Njia ya mkato ya kukadiria kigezo hicho ni kuzidisha idadi ya protoni kwa yenyewe, kugawanya kwa jumla ya protoni na nyutroni, kisha kugawanya kwa 50 hivi.

Kwa kuwa 0.71 iko chini ya 1, tone la urani linaporefuka hulazimika kwanza kupanda nishati, kama MeV 6, kabla kiuno chake hakijakatika. Mpando huo ndio kizingiti cha mpasuko.

Nyutroni inaleta kiasi gani?

Nyutroni inapomezwa na kiini huachia nishati, hata kama ilifika polepole. Urani-235 ikimeza nyutroni hupata MeV 6.5 hivi, zaidi ya kizingiti chake, basi hupasuka. Urani-238 hupata MeV 4.8 tu. Imepungukiwa, na pengo lazima lijazwe na mwendo wa nyutroni yenyewe, yaani zaidi ya MeV 1. Tofauti hii inatokana na nyutroni kupenda kukaa mbili mbili: kwenye urani-235 mgeni anampata mwenza, kwenye urani-238 anabaki peke yake. Urani ya asili ni asilimia 99.3 urani-238, na ndiyo maana mwamba wenye urani haulipuki.

Kupasuka bila kuchokozwa

Mwaka 1940 Georgy Flyorov na Konstantin Petrzhak waligundua kwamba urani hupasuka hata bila nyutroni. Ili kuondoa shaka kwamba mionzi ya anga ndiyo chanzo, walirudia vipimo chini ya ardhi, katika kituo cha treni cha Dinamo jijini Moscow. Hapa kiini hakipandi kizingiti. Kwa kanuni za kwanta, hukipenya, na uwezekano wake ni mdogo mno: katika kilo moja ya urani-238 hupasuka viini kama 7 kwa sekunde, huku zaidi ya milioni 12 vikitoa chembe za alfa. Kigezo kikipanda kidogo tu, kupenya huwa rahisi sana. Kalifoni-252, yenye 0.76, hupungua nusu kwa miaka 2.6, na takriban asilimia 3 ya viini vyake huishia kupasuka vyenyewe.

Lakini picha ya tone ina mipaka. Urani-235 ina kigezo kikubwa kidogo kuliko urani-238, hata hivyo hupasuka yenyewe kwa nadra zaidi, kwa sababu ya nyutroni yake isiyo na mwenza. Tone la maji halijui habari hiyo.

Alama zilizobaki Olduvai

Kila mpasuko wa urani iliyomo ndani ya kioo cha volkano huacha mchubuko mdogo, unaoonekana kwa hadubini baada ya kioo kuoshwa kwa asidi. Karibu michubuko yote ya asili ni ya urani-238. Ili kujua kioo kina urani kiasi gani, wataalamu hukiweka kwenye mtambo wa nyuklia na kukipiga kwa nyutroni za polepole, ambazo hupasua urani-235 pekee, kisha huhesabu michubuko mipya. Uwiano wa hesabu hizo mbili hutoa umri. Mwaka 1965 Robert Fleischer na wenzake, akiwemo Louis Leakey, walitumia njia hii kwenye tabaka la chini la Bonde la Olduvai, Tanzania, na kupata umri wa takriban miaka milioni 2.