Barua kwa baba anayevuta sigara: mwili unavyopona, kuanzia dakika 20 hadi miaka 15

Familia nyingi za Nyeri zina mtoto anayefanya kazi ng'ambo. Mtoto huyo hupiga simu jioni, na akimsikia baba akikohoa huuliza kuhusu sigara. Mazungumzo hayo mara nyingi huishia kwa hasira au kwa kubadilisha mada. Barua ina nafasi ambayo simu haina, kwa sababu baba anaweza kuisoma akiwa peke yake, akairudia, na akaamua bila kujibu papo hapo.

Barua ifuatayo ni ya mfano. Imeandikwa kama ya kijana anayewahudumia wazee nchini Uingereza, kwa baba yake wa miaka 62, mkulima wa majani chai upande wa Othaya. Mzee huyo amevuta sigara kwa miaka 40 na sasa huvuta 12 kwa siku. Baada ya barua kuna maelezo kwa familia inayotaka kuifuata.

Barua

Baba mpendwa,

Natumai mko salama na baridi haijawazidi. Pesa za mbolea nimezituma kwa simu ya Mama. Leo nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nakosa maneno.

Baba, naomba uache sigara. Sikuandikii kukulaumu. Ulianza ukiwa na miaka 22, wakati sigara ilikuwa kitu cha kawaida kwa kijana aliyepata kazi. Ni sigara hizo hizo ulizovuta ukitulipia karo, na hakuna siku tuliyolala njaa kwa ajili yake.

Hapa kazini kuna kifaa kidogo ambacho mvutaji hupuliza, kikaonyesha kiasi cha gesi ya sumu iliyo kwenye pumzi yake. Gesi hiyo ni ile ile inayoua watu waliofunga madirisha wakiwa na jiko la makaa ndani. Niliambiwa kwamba mtu akilala bila kuvuta na kuendelea hivyo hadi kesho yake, kiasi hicho hushuka karibu na cha mtu asiyevuta. Nilishangaa, kwa sababu nilidhani mwili uliovuta miaka 40 hauna haraka ya kupona.

Nimeandika ratiba yake ili uiweke ukutani kando ya kalenda. Baada ya dakika 20, mapigo ya moyo huanza kutulia. Kufikia siku ya pili, ile gesi imetoka kwenye damu. Kati ya wiki 2 na miezi 3, damu huzunguka vizuri zaidi na pumzi huongezeka. Kati ya mwezi 1 na miezi 9, kikohozi na kuhema hupungua. Ukitimiza mwaka 1, ile hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na sigara hubaki karibu nusu. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu ni kama nusu ya ile ya mtu anayeendelea kuvuta. Baada ya miaka 15, hatari ya moyo hukaribia ya mtu ambaye hakuwahi kuvuta.

Utakapotimiza miaka 15 hiyo utakuwa na miaka 77. Mtoto wangu, huyu mwenye jina lako, atakuwa na miaka 19. Nataka akujue kwa sauti yako, asikujue kwa picha tu.

Naomba jambo moja: chagua siku, uniambie. Usiniahidi maisha yote. Nitakupigia kila jioni kwa siku 14 za kwanza, na sitakuuliza kama umevuta. Nitakuuliza tu siku ilikuwaje.

Ni mimi mwanao.

Kwa nini barua imesema "chagua siku"

Barua haikumwomba mzee apunguze, ingawa hilo ndilo jibu ambalo wazee wengi hutoa: "Nitapunguza polepole." Kupunguza kunaweza kuwa hatua ya kujiandaa, lakini hakuulindi moyo kama watu wanavyodhani. Utafiti umeonyesha kwamba mtu anayevuta sigara 1 tu kwa siku hubeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya moyo aliyonayo anayevuta 20. Moshi kidogo unatosha kuifanya damu igande kwa urahisi na kuisumbua mishipa. Mvutaji aliyepunguza pia huvuta kwa nguvu zaidi na kumaliza kila sigara hadi kishungi, ili apate nikotini ile ile.

Ndiyo maana siku moja iliyochaguliwa ni bora. Iwe ndani ya wiki 2, na isiwe siku ya mazishi, harusi au mkutano ambapo sigara na pombe vitakuwa mezani. Usiku wa kuamkia siku hiyo, sigara, viberiti na vibakuli vya majivu vyote viondolewe nyumbani.

"Nimezeeka, itanisaidia nini?"

Swali hili lina jibu lililopatikana kwa kuhesabu. Mwaka 1951 watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wakiwemo wanaume zaidi ya 34,000, ili kuona wavutaji na wasiovuta wangeishi kwa muda gani. Matokeo ya miaka 50 yalitolewa mwaka 2004. Walioendelea kuvuta walikufa, kwa wastani, miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Walioacha wakiwa na miaka 30 waliokoa karibu miaka yote 10. Walioacha wakiwa na miaka 40 waliokoa 9, walioacha na miaka 50 waliokoa 6, na walioacha na miaka 60 waliokoa 3.

Kwa mzee wa miaka 62, basi, faida ni kama miaka 3 kwa wastani. Familia isimdanganye kwamba kila kitu kitarudi. Sehemu za mapafu zilizokwisha kuharibika hazioti upya. Kinachobadilika ni kasi ya kupotea kwa pumzi. Kila mtu hupoteza kidogo kila mwaka kadiri anavyozeeka, na mvutaji anayedhurika hupoteza haraka zaidi. Akiacha, kasi hiyo hurudi karibu na ya kawaida. Kwa mkulima, hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kubeba kikapu cha majani hadi kituo cha kupimia na kukaa kitini akihema.

Siku 14 za kwanza

Hapa ndipo wengi hurudi nyuma. Hasira, kukosa usingizi, njaa na mawazo kutotulia huanza siku ya kwanza, huwa kali zaidi katika wiki ya kwanza, kisha hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Hamu yenyewe haiji mfululizo. Huja kama wimbi, hudumu dakika chache, hupita hata kama mtu hakuvuta. Mzee akiinuka, akanywa maji na kutembea hadi zizini na kurudi, mara nyingi wimbi limekwisha.

Kuna mambo mawili yanayowatisha watu bila sababu. La kwanza ni kikohozi. Baadhi ya walioacha hukohoa zaidi kwa wiki chache, wakasema sigara ilikuwa inawasaidia. Ukweli ni kwamba vinyweleo vinavyosafisha njia ya hewa, ambavyo moshi ulivilemaza, vimeanza tena kusukuma makohozi nje.

La pili ni chai na kahawa. Moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini haraka. Mtu akiacha kuvuta, kafeini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo vikombe vile vile alivyozoea huwa kama vimeongezwa. Mikono hutetemeka, moyo hudunda, usingizi hupotea, na lawama hupewa kuacha sigara. Mzee apunguze vikombe hadi nusu hivi, na asinywe chai kali baada ya saa 10 jioni.

Kwa sababu hiyo hiyo ya ini, mgonjwa anayetumia dawa ya pumu iitwayo theofilini, au dawa za magonjwa ya akili, amwambie daktari kabla ya siku ya kuacha. Anayejidunga insulini afanye hivyo pia, kwa kuwa huenda kipimo chake kikahitaji kubadilishwa.

Dawa za kusaidia

Chingamu na bandiko la nikotini humpa mtu nikotini bila moshi. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu kwa sigara, lakini saratani huletwa hasa na moshi na kemikali nyingine zilizomo. Mhudumu wa afya huuliza swali moja muhimu: mzee huvuta sigara ya kwanza muda gani baada ya kuamka? Akivuta ndani ya dakika 30, uraibu wake ni mkubwa, na chingamu ya miligramu 4 humfaa kuliko ya miligramu 2. Bandiko hubandikwa asubuhi kwenye ngozi safi na kavu, na kila siku huhamishiwa mahali pengine.

Kosa la kawaida ni kuitafuna chingamu kama peremende. Nikotini yote humezwa, mtu hupata kiungulia na kwikwi, kisha huitupa. Inafaa itafunwe polepole hadi ladha kali itokee, iwekwe kati ya shavu na ufizi hadi ladha ipungue, halafu itafunwe tena, kwa nusu saa hivi. Asinywe chai, kahawa wala soda dakika 15 kabla na wakati inapokuwa mdomoni, maana vinywaji hivyo huizuia nikotini kuingia kwenye damu.

Kuhamia ugoro au kiraiko si kuacha. Ugoro huendeleza uraibu na huleta saratani ya mdomo, na kiraiko ni moshi wa tumbaku kama sigara.

Akivuta moja

Sigara moja baada ya siku 9 haifuti siku 9. Familia isimkaripie. Aulizwe alikuwa wapi, na nani, na saa ngapi, ili mahali hapo paepukwe. Mara nyingi ni kwenye duka linalouza sigara moja moja, jambo ambalo Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inalikataza.

Hesabu ya pesa nayo husaidia. Tukikadiria shilingi 15 kwa sigara, sigara 12 ni shilingi 180 kwa siku, sawa na 5,400 kwa mwezi na 65,700 kwa mwaka. Sigara za siku 2 zinapita shilingi 300, ambazo ndizo mchango wa chini wa mwezi katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA.

Wakati wa kwenda hospitalini

Mvutaji au aliyeacha asisubiri akiona damu kwenye makohozi, akikonda bila sababu, sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, au kikohozi kisipokwisha baada ya wiki 2. Huenda ni kifua kikuu, ambacho huwapata wavutaji zaidi na hutibika. Maumivu ya kifua yanayoelekea mkononi au tayani ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Wanaotaka kuacha wazungumze na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chao au wafike katika kituo cha afya kilicho karibu. Ushauri wa simu hutolewa bila malipo na NACADA kupitia nambari 1192.